Sanduku la huduma ya kwanza kwenye kiwanda cha mbao: cha kuweka, tarehe za kusoma, na ukaguzi wa kila mwezi

Kuanzia Mafinga hadi Makambako, barabarani na ndani ya vijiji, kuna viwanda vingi vidogo vya mbao: mashine ya kupasulia magogo, dingidongi, moja au mbili, mashine ya randa, banda la mabati, na watu kumi hadi ishirini. Sehemu nyingi kati ya hizo zina sanduku la huduma ya kwanza ukutani. Ukilifungua unakuta pamba iliyofunguliwa, chupa ya spiriti, vidonge vya panado, plasta mbili na glavu moja ya mkono wa kushoto. Sanduku lipo, ila siku msumeno ukishika mkono halina cha kuzuia damu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kiwanda cha aina hiyo: watu 14 kwenye banda, na kundi la watu wanne linalokata miti ya misindano shambani, kilomita kadhaa kutoka hapo. Ofisi, duka au gereji inaweza kufuata utaratibu uleule, ila vifaa vya damu nyingi vitapungua. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, vifaa hivi ni wajibu wa mwajiri, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio unaokagua. Orodha iliyo hapa ni kiwango cha chini cha kazi yenyewe. Mkaguzi wa OSHA akikutaka uongeze kitu, ongeza.

Hesabu kwa majeraha

Kosa la kwanza hutokea dukani. Mtu anaagizwa "nunua bendeji", ananunua tatu, kazi imekwisha. Swali la kujiuliza ni tofauti: sanduku hili linahudumia majeraha mangapi makubwa kabla sijafika famasi kununua tena?

Chukua mkono uliokatwa na msumeno wa duara. Anayemhudumia majeruhi anavaa glavu, na mara nyingi kuna wa pili anayemshikilia, kwa hiyo pea mbili zimekwenda. Gozi inawekwa juu ya jeraha na kukandamizwa kwa nguvu, kiganja kizima, dakika kumi bila kuchungulia. Damu ikipita, inaongezwa nyingine juu na mkandamizo unaendelea. Kisha bendeji ndefu inazungushwa kushikilia, na bendeji ya pembetatu inabeba mkono kifuani. Hilo ni jeraha moja, na limemaliza glavu pea mbili, pakiti nne za gozi, bendeji moja pana na pembetatu moja. Sanduku lenye bendeji tatu na gozi pakiti tano limebaki na gozi pakiti moja tu, na saa ni tatu asubuhi.

Ndiyo maana tunashauri vifaa vya damu vifungwe kwa vifurushi. Kila kifurushi ni jeraha moja kubwa, ndani ya mfuko safi wa plastiki wenye zipu, umeandikwa kwa maka peni JERAHA KUBWA na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtu mwenye hofu hatafuti kimoja kimoja, anachukua mfuko na kukimbia. Ukaguzi nao unakuwa rahisi, kwa sababu mfuko ukiwa bado umefungwa unasoma tarehe iliyoandikwa juu yake bila kuufungua.

Dukani utaambiwa kuna bendeji kubwa za kiwandani, zenye pedi nene iliyoshonewa kwenye bendeji yake. Ukizipata, chukua, ni nzuri sana. Maduka ya dawa muhimu ya mjini Mafinga au ya vijijini hayanazo kila mara, kwa hiyo orodha hii imejengwa kwa vitu vinavyopatikana kirahisi.

Vilivyomo, kiwango cha chini kwa watu 14

Vifurushi vitatu vya JERAHA KUBWA. Ndani ya kila kimoja:

- glavu za kutupwa, pea 2
- gozi tasa (iliyouawa vijidudu na kufungwa kiwandani) ya sentimita 10 kwa 10, pakiti 4
- bendeji ya krepu ya sentimita 10, moja
- bendeji ya pembetatu, moja
- pini 2

Nje ya vifurushi:

- plasta za kubandika, 40, kila moja ndani ya karatasi yake
- gozi tasa, pakiti 8, kwa majeraha madogo
- bendeji ya sentimita 5, kwa vidole, 3
- plasta ya rola, 1
- glavu, pea 6
- maji ya chumvi ya hospitali (nomo salaini, 0.9%), chupa 2 za mililita 500
- pedi tasa za jicho, 4
- mkasi wenye ncha butu, unaokata suruali ya jinzi
- kibano cha kutolea vibanzi
- ngao ya mdomo ya kupulizia pumzi, 2
- blanketi la kung'aa la dharura, 1
- mifuko mitupu yenye zipu, 4
- tochi ndogo, sabuni ya kipande, daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi

Baadhi ya vitu hivi vinahitaji maelezo. Chupa za maji ya chumvi ni za jicho lililoingiwa na unga wa mbao, tukio la karibu kila wiki kwenye randa. Mtu asisugue. Jicho linaoshwa taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, ili uchafu usiingie jicho la pili. Chupa ikishafunguliwa, kilichobaki kinamwagwa siku hiyohiyo hata kama ni nusu, kwa sababu maji hayo hayana dawa ya kuua vijidudu vitakavyoingia. Kibanzi kilichochoma mboni hakiguswi. Funika kwa pedi bila kukandamiza, mpeleke hospitali.

Mifuko mitupu yenye zipu ni ya kidole kilichokatika kabisa. Kidole kinafungwa kwa gozi iliyoloweshwa kidogo maji ya chumvi, kinaingia mfuko wa kwanza unaofungwa, kisha mfuko huo unaingia wa pili wenye maji ya baridi na barafu. Barafu isiguse nyama, huiua. Andika jina la mtu na saa, na kidole kiende pamoja naye kwenye gari lilelile.

Blanketi watu huliona ni la kujionesha. Mafinga asubuhi ya Julai inajulikana. Mtu aliyepoteza damu, amelala kwenye sakafu ya udongo yenye umande, anapoa haraka, na mwili uliopoa damu yake haigandi vizuri. Kama hupati la kung'aa, blanketi la kawaida lililofuliwa na kufungwa ndani ya nailoni linatosha.

Mkanda wa kiwandani wa kukaza mkono au mguu hatukuuweka kwenye kiwango cha chini. Nunua mmoja ikiwa tu kuna mtu aliyefundishwa kuutumia, na kwa kundi la msumeno wa mnyororo tunaupendekeza sana. Kamba ya katani au mpira wa tairi la baiskeli usichukue nafasi yake: ni vyembamba, huumiza neva, na mara nyingi huzuia damu inayorudi huku inayotoka ikiendelea.

Visivyotakiwa

Panado, diklofenaki na vidonge vingine vitoke. Sanduku la ukutani halijui nani ana vidonda vya tumbo au nani anadhurika na dawa gani, na aspirini huongeza kutoka damu. Spiriti nayo itoke: ikimwagwa kwenye jeraha wazi inaunguza nyama hai, wakati maji safi yanayotiririka na sabuni pembeni ya jeraha vinasafisha vizuri. Dawa ya bluu inaficha rangi ya jeraha, daktari hawezi kuona wekundu unaosambaa. Pamba ikiwekwa moja kwa moja kwenye kidonda inaacha nyuzi zinazonasa. Kwa mtu aliyeungua na ekzosi au mafuta ya moto, huduma ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kwa hiyo hakikisha bomba au ndoo ya lita 20 ipo karibu. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia havina kazi hapo.

Kusoma tarehe

Kwenye pakiti utakuta herufi EXP, au alama ya kichupa cha mchanga, kile kinachobanwa katikati. Namba iliyo mbele yake ndiyo mwisho wa matumizi. Ikiandikwa 2026-08 au 08/2026, bila siku, kitu hicho ni halali hadi tarehe 31 Agosti 2026. MFG, au mchoro wa kiwanda, ni tarehe ya kutengenezwa. Haya mawili huchanganywa mara nyingi, hasa kwenye pakiti iliyochapwa vibaya: mtu anaona 2023 anatupa gozi iliyokuwa na miaka miwili mbele yake, au anaona 2025 anaiacha akidhani ndiyo tarehe ya kutengenezwa, kumbe ndiyo mwisho. LOT ni namba ya toleo, haina uhusiano na mwisho wa matumizi.

Plasta zina mtego wake. Tarehe huwa kwenye boksi la nje, karatasi ndogo ya kila plasta haina kitu. Watu wanatoa plasta, wanatupa boksi, na baada ya miezi sita hakuna anayejua. Kata kile kipande cha boksi chenye EXP, kiweke pamoja na plasta ndani ya mfuko wake. Fanya hivyohivyo kwa glavu ukinunua boksi la 100 na kuzigawa.

Mkasi, kibano, pini na bendeji ya pembetatu isiyo tasa kwa kawaida havina tarehe. Hivyo hukaguliwa kwa macho na mikono tu.

Tarehe ya gozi tasa ni ahadi ya kiwanda kwamba haina vijidudu, na ahadi hiyo ina sharti: pakiti iwe nzima na kavu. Karatasi ya pakiti ikilowa, vijidudu hupita ndani hata kama EXP ni mwaka 2029. Huku kwetu hili ndilo linaloharibu gozi nyingi kuliko tarehe. Sanduku linatundikwa kwenye ukuta wa bati, usiku wa baridi bati linatoa jasho, maji yanashuka nyuma ya sanduku. Utakachokiona ni duara la kahawia kwenye karatasi, au karatasi iliyokauka ikawa na mikunjo kama gazeti lililonyeshewa. Pakiti hiyo si tasa tena. Tundika sanduku kwenye nguzo ya mbao ndani ya banda, mbali na bati na mbali na injini, kwa urefu ambao mtu mfupi kuliko wote anafika.

Ukinunua, soma tarehe ukiwa bado kaunta. Kilichobakiza chini ya miezi 12 kirudishe, omba kingine.

Funga kwa lakiri, usifunge kwa kufuli

Kufuli ni hatari. Ufunguo unakaa kwa mtunza stoo, mtunza stoo amekwenda Iringa. Tumia kibana cha plastiki chembamba, kile cha kufungia nyaya, au kipande cha karatasi chenye sahihi kilichobandikwa kati ya mfuniko na boksi. Yeyote anakata au kuchana kwa sekunde moja. Kikiwa kimekatika, fomani anajua kitu kimetumika na analifungua sanduku siku hiyo bila kusubiri mwisho wa mwezi.

Lakini plasta zikiwa ndani tu, lakiri itakatwa kila siku, maana vidole vinachubuka kila siku. Weka kopo dogo lenye plasta kumi juu ya meza ya fomani, la matumizi ya kawaida. Zile 40 za sandukuni zibaki akiba.

Ukaguzi wa mwezi

Mpe mtu mmoja kazi hii kwa jina, na mwingine awe msaidizi wake. Chagua siku isiyosahaulika, kwa mfano Jumatatu ya kwanza ya mwezi kabla mashine hazijawashwa. Ni kazi ya dakika 20.

Anza kwa nje. Je, unafika sandukuni kutoka kwenye msumeno bila kuruka rundo la mbao? Magogo yakiingia mengi, mbao hupangwa popote, na sanduku hufichwa. Tazama lakiri. Soma namba za simu zilizobandikwa kwenye mfuniko: ya dereva mwenye gari, ya msaidizi wake, na ya kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Zipige, kila mwezi. Namba ya dereva aliyeacha kazi Machi haitamfikisha mtu hospitali.

Kisha toa kila kitu, kipange juu ya gazeti safi mezani. Kukagua kwa kuchungulia ndiko kunakoacha pakiti tupu ndani, kwa sababu pakiti tupu na pakiti nzima zinafanana ukizitazama kwa juu. Kwa kila kitu fanya mambo matatu: hesabu, soma tarehe, pima hali yake kwa mkono. Gozi ibonyeze kidogo uone kama ukingo umeachia. Chupa ya maji ya chumvi iinue kwenye mwanga: maji yawe meupe bila ukungu wala vitu vinavyoelea, kisha iminye uone kama inavuja. Toa glavu moja uivute. Ikichanika mara moja au ikinata kama gundi, boksi lote limechoka. Za lateksi huchoka mapema zikiwa karibu na joto au jua. Plasta moja bandika kwenye kifundo chako cha mkono, ikiachia ndani ya dakika moja gundi yake imekufa. Mkasi ukate kitambaa kigumu. Washa tochi.

Baada ya hapo linganisha na daftari. Kila anayetumia kitu anaandika tarehe, jina la aliyeumia, jeraha lilivyotokea, kilichotumika, na nani alihudumia. Vikipungua vitu kuliko daftari linavyosema, usifoke. Ukifoka, mwezi ujao watu watachukua na kuficha karatasi. Waulize wameumiaje. Daftari hilohilo litakusaidia siku ya kujaza taarifa ya ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), maana kumbukumbu iliyoandikwa palepale ina uzito kuliko ya kukumbuka wiki tatu baadaye.

Sheria yetu ya tarehe ni hii: kinachoisha kabla ya ukaguzi ujao kinabadilishwa wiki hii. Kinachoisha ndani ya miezi mitatu kinaingia orodha ya manunuzi, kwa sababu kuna vitu vinavyoagizwa Iringa au Mbeya na huchukua siku.

Tuone kwa mfano. Ni Jumatatu, 3 Agosti 2026, kiwanda chetu cha watu 14. Ukaguzi ujao ni Jumatatu, 7 Septemba.

| Kitu | Kinachotakiwa | Kilichopo | Tarehe na hali | Hatua |
|---|---|---|---|---|
| JERAHA KUBWA | 3 | 2 | EXP 2028-02, mifuko mizima | ongeza 1 wiki hii |
| Gozi za nje | pakiti 8 | 8 | EXP 2026-10. 2 zina alama ya maji | toa 2, nunua 2 sasa. 6 ziingie orodha |
| Maji ya chumvi | chupa 2 | 2 | EXP 2026-08 | badilisha zote wiki hii |
| Plasta | 40 | 31 | EXP 2027-05, zinashika | ongeza 9 |
| Glavu za nje | pea 6 | 6 | EXP 2027-01, nzima | acha |

Maji ya chumvi leo ni halali, na mkaguzi asiye makini angeyaacha. Yanaisha 31 Agosti, siku saba kabla ya ukaguzi wa Septemba, kwa hiyo yanatoka sasa. Gozi sita zilizobaki zinaisha 31 Oktoba: zinaendelea kukaa sandukuni hadi mbadala wake ufike. Zile mbili zenye alama ya maji zinauliza swali jingine, nalo ni kwamba sanduku linalowa mahali fulani. Pitisha kiganja mgongoni mwake kabla hujalirudisha.

Vilivyotoka vinaingia mfuko ulioandikwa MAZOEZI na kukaa stoo, mbali na sanduku. Watu wafanyie mazoezi ya kufunga bendeji, mara moja kila miezi mitatu, nusu saa. Gozi na glavu zilizolowa damu si za mazoezi wala za shimo la taka, zifunge ndani ya nailoni uzipeleke kituo cha afya zikateketezwe.

Ukimaliza, rudisha vifurushi vya JERAHA KUBWA juu kabisa, plasta chini. Kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko andika tarehe ya ukaguzi, sahihi yako, na tarehe moja tu ya mwisho: ile iliyo karibu kuliko zote. Kwa mfano wetu, baada ya kununua maji mapya, utaandika "Cha kwanza kuisha: gozi za nje, 31 Oktoba 2026". Anayefungua mwezi ujao anajua pa kuanzia. Funga lakiri mpya.

Kundi la shambani lina lake. Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko wa kukaza ni bora kuliko sanduku la bati, maana haiingizi mvua wala vumbi: vifurushi viwili vya JERAHA KUBWA, chupa moja ya maji ya chumvi, plasta kumi, mkasi, blanketi, mifuko miwili yenye zipu, na mkanda wa kukaza kama yupo anayeujua. Inakaa pale msumeno unapofanya kazi, haibaki kwenye trekta lililoegeshwa chini ya kilima. Inakaguliwa Jumatatu ileile, kabla gari halijaondoka, na karatasi ya ndani ya mfuniko inaongezewa mstari mmoja: mahali kundi linapokata mwezi huu na njia ya gari ya kufika hapo, ili dereva asianze kuuliza akiwa njiani.